Akronimu ya mradi: kutoka RAMGDS hadi jina linalotamkika

*Shikamoo Mwalimu. Tunaandika andiko la kuomba ruzuku ya Umoja wa Ulaya, utafiti wa kupunguza sumukuvu kwenye mahindi na karanga za wakulima wadogo wa Kongwa, Chemba na Kondoa kwa njia ya ukaushaji na uhifadhi bora. Fomu inadai akronimu. Herufi za mwanzo za kichwa cha Kiingereza zinatoa RAMGDS, hakuna anayeweza kuitamka. Mwenzangu akapendekeza KUMAKA, yaani "Kupunguza sumukuvu kwenye Mahindi na Karanga", vijana wa maabara wakainamisha vichwa. Mratibu wetu yuko Ulaya, ameipenda na anataka kuiingiza kwenye fomu. Nimwambie nini, na jina lingine tulipate vipi? — Mhadhiri, Morogoro*

Marahaba, dada. Mwandikie mratibu leo hii, bila kuzungukazunguka, kwamba silabi mbili za mwanzo za jina hilo ni tusi la nguoni kwa Kiswahili, na kwamba halitamkiki mbele ya wazee wa kijiji, kanisani, msikitini wala redioni. Hahitaji maelezo zaidi ya hayo. Mwambie pia kwamba watu hukata majina: mradi ukianza kuzoeleka, KUMAKA itafupishwa na madereva na vijana wa bodaboda ndani ya wiki, na silabi zitakazobaki ni zile mbili za mwanzo. Ninakuomba ufanye haraka kwa sababu jina likishaingia kwenye fomu linaenea kwenye kila kitu kinachofuata: majina ya mafaili, jedwali la bajeti, barua za wabia, maombi ya kibali cha maadili, fomu za ridhaa, mkataba. Kulibadilisha wakati huu ni barua pepe moja. Kulibadilisha baada ya kibali kutoka ni kurudia makaratasi ofisi kwa ofisi.

Mwenzako lakini hakukosea njia. Alikosea mahali pa kukata. Njia aliyoitumia ndiyo njia ya Kiswahili, na ningependa muishike badala ya kurudi kwenye RAMGDS.

Angalieni akronimu zilizokaa midomoni mwa Watanzania bila kufundishwa. BAKITA ni Baraza la Kiswahili la Taifa: BA, KI, TA. TAKUKURU ni Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa: TA, KU, KU, RU. UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini: U, KI, MWI. Hakuna hata moja iliyochukua herufi ya kwanza ya kila neno. Zimechukua silabi ya kwanza ya maneno makuu na kuviacha viunganishi. Silabi ya Kiswahili karibu kila mara huishia na irabu, kwa hiyo ukiziunganisha kwa mpangilio wowote unapata kitu kinachotamkika, mkazo ukikaa wenyewe kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza hazikupi uhakika huo. Zikitoa irabu mahali pazuri, ni bahati. Zisipotoa, unabaki na konsonanti nne mfululizo kama hizo MGDS zenu.

Hata akronimu ya Kiingereza iliyo nzuri kiasi hubadilika ikifika kijijini. TASAF inaishia na konsonanti, na nje ya ofisi utasikia "Tasafu". Hilo si kosa la msemaji, ni ulimi unaomalizia silabi. Jina likiishia na konsonanti, basi, hesabuni kwamba litaongezewa irabu, mkalisome likiwa na irabu hiyo kabla ya kulipitisha.

Sasa hatari. Kwa kuwa silabi zetu huungana kirahisi, huungana kirahisi pia kuwa maneno ambayo hukuyataka. Na hatari hii haiji ovyo. Ina chanzo kinachojulikana: viambishi. Malengo ya miradi huanza na kitenzi, na kitenzi huanza na KU: kuboresha, kupunguza, kuendeleza, kuinua. Vitu vinavyoboreshwa mara nyingi huanza na MA: maji, maziwa, mahindi, malezi, mazingira, mavuno. Kwa hiyo mtu yeyote anayekata silabi ya kwanza ya lengo lake, kisha silabi ya kwanza ya kitu chenyewe, yuko hatua moja tu kutoka kwenye tusi lile lile. Si nyinyi peke yenu. "Maji Vijijini" inatoa MAVI. "Kuinua Familia" inatoa KUFA. "Taasisi ya Korosho" inatoa TAKO. "Chama cha Wafugaji" kinatoa CHAWA, na siku hizi chawa si mdudu tu, ni mpambe wa mtu mkubwa.

Dawa yake ni kuacha kukata kwenye viambishi. KU ya mwanzo ya kitenzi haimwambii msomaji chochote, maana kila mradi duniani unapunguza au unaboresha kitu. MKUKUTA, Mkakati wa Kukuza Uchumi na Kupunguza Umaskini Tanzania, ulibeba KU mbili, na kwa mtu asiyejua kirefu chake hakuna hata moja inayomdokeza kwamba habari ni uchumi na umaskini. Serikali inaweza kulimudu jina la namna hiyo, kwa sababu lilirudiwa redioni na magazetini kwa miaka. Mradi wa wilaya tatu hauna redio wala miaka hiyo. Achaneni na kitenzi. Chukueni majina ya vitu, na pale kiambishi kinapoleta shida, chukueni silabi mbili za neno ili shina lionekane.

Tufanye kazi hiyo kwa mradi wenu. Maneno makuu mliyo nayo ni sumukuvu, mahindi, karanga, ukaushaji, ghala, wakulima, Dodoma. Nitapita kwenye majina ambayo mtu yeyote angeyafikia kwanza, kwa sababu kila moja linaanguka kwa sababu tofauti.

La kwanza linalokuja ni lenye SUMU. Neno sumukuvu ndilo kiini cha utafiti, na wafadhili wangependa kuliona. Msilitumie. Mkulima akisomewa fomu ya ridhaa yenye SUMU kwenye kichwa, anachosikia ni kwamba watu wa mradi wameleta sumu. Pwani na bara bado watu wanakumbuka hadithi za mumiani wanyonya damu, na watafiti wanaochukua sampuli wamewahi kuhusishwa nazo mahali pengi Afrika Mashariki. Kama mtachukua damu au mkojo ili kupima kiasi cha sumukuvu mwilini, jina la namna hiyo litawafungia milango. Halafu kuna soko. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na wakulima na wafanyabiashara wa mahindi hawajasahau. Gunia lenye stika ya mradi wenye SUMU kwenye jina lake, hata kama mahindi ya ndani ndiyo safi kuliko yote sokoni, mnunuzi ataliruka.

La pili, KAMASU: karanga, mahindi, sumukuvu. Linatamkika vizuri sana. Ila lisome kwa sauti mbele ya mtoto, au liandike mtu aliyelisikia kwa simu, uone mara ngapi litarudi likiwa "kamasi". Jina halihitaji kuwa neno baya lenyewe ili liharibike. Kuwa jirani na neno baya kunatosha, hasa irabu ya mwisho inapokuwa ndiyo tofauti pekee, maana ndiyo inayomezwa mtu akiongea haraka.

La tatu ni zuri kuliko yote kwa kulitazama: KAUSHA. Ni neno kamili, ni agizo, linataja kazi yenyewe, na Mzungu analitamka bila shida. Ningelipitisha miaka kumi iliyopita. Leo, kila mwanamke aliyewahi kukopa kwenye kikundi anajua "kausha damu", ile mikopo midogo ya riba kali inayorejeshwa kila siku au kila wiki. Mkiingia kijijini na kusema "sisi ni watu wa KAUSHA", akina mama watahesabu marejesho kabla hamjafungua mdomo. Hili kamusi haitakuonyesha. Maneno hupata maana mpya mtaani haraka kuliko kamusi zinavyochapishwa, kwa hiyo mtu wa kuliuliza jina si profesa wa lugha peke yake, ni mtu wa miaka ishirini na kitu anayeishi pale.

Mtu anaweza kukimbilia ANIKA. Kuanika ndiyo kazi yenyewe, ila kuanika ni pia kuitoa siri ya mtu hadharani, na nyinyi mtakuwa na matokeo ya vipimo vya mahindi ya kila kaya, ambayo mmeahidi kwa maandishi kuyatunza. Jina linalopingana na ahadi iliyo kwenye fomu ya ridhaa si jina la kuchagua. Na SALAMA? Jina hilo linaahidi matokeo kabla ya utafiti. Mkulima wa kijiji cha ulinganisho, ambaye hatapewa turubai wala mafunzo hadi mwisho, atabaki akiamini mazao yake yameshasalimika kwa kuwa watu wa SALAMA wamepita kwake.

Nilichobaki nacho ni MAHIKA: MAHI ya mahindi, KA ya karanga. Nimechukua silabi mbili za neno la kwanza makusudi, kwa sababu MA peke yake ni kiambishi kisicho na habari, wakati MAHI tayari inanong'ona mahindi. Silabi tatu, zote wazi, hakuna konsonanti inayomsumbua mgeni, na mkazo wa msemaji wa Kiswahili na wa mratibu wenu utaangukia mahali pamoja, kwenye HI. Jina halitaji ugonjwa, haliahidi uponyaji, linataja tu mazao ambayo mkulima anayalima. Kama mnataka mkoa uonekane, mnaweza kuongeza DO ya Dodoma mpate MAHIKADO, lakini mimi nisingeongeza. Kadiri jina linavyorefuka ndivyo watu wanavyolikata wenyewe, na wakilikata wao hamtachagua kipande kinachobaki.

Kabla hamjalikubali, lipitisheni kwenye majaribio haya, nayo hayachukui zaidi ya mchana mmoja. Kwanza, andikeni silabi zake zimeachana, kisha someni kila jozi ya majirani: MA-HI, HI-KA. Hapo ndipo KUMAKA ingekamatwa mara moja. Jozi ikitoa neno la kawaida lisilo na aibu, endeleeni. MKUKUTA ina kuku ndani yake na hakuna aliyejali. Mnachotafuta ni tusi, uchafu, kifo na ugonjwa. Pili, liwekeni kwenye sentensi zitakazosemwa kweli, kwa sababu Kiswahili hakiachi jina likae peke yake: "mradi wa MAHIKA", "watu wa MAHIKA wamefika", "nimetoka MAHIKA", "wanamahika". Wakati mwingine jina safi huungana na neno lililotangulia likatoa kitu kingine.

Tatu, mpigieni simu mtu asiyehusika, mtamkieni jina mara moja tu, mwambieni aliandike na kuwatumia. Fanyeni hivyo kwa watu watano au sita wa malezi tofauti ya lugha. Wasemaji wengi wetu hubadilishana l na r bila kujua, wengine s na sh, na jina lenye sauti hizo litarudi na sura mbili au tatu. MAHIKA haina hata moja kati ya hizo, lakini h inaweza kudondoka kwa baadhi ya watu ikawa "Maika". Hiyo si aibu. Ni jambo la kulijua tu, ili karani wa data asije akafungua mafaili mawili ya mradi mmoja. Nne, na hapa msitume mtu: mtafuteni msemaji wa Kigogo kwa ajili ya Kongwa, wa Kirangi kwa ajili ya Kondoa, na Chemba mwulizeni pia Msandawe. Waulizeni watu wa rika mbili, mzee na kijana, na waulizeni faraghani. Mbele za watu hakuna atakayekuambia jina lako ni tusi kwa lugha yake. Vijana wenu wa maabara waliinamisha vichwa, hawakusema. Hiyo ndiyo ishara ya kuitazama: kimya na macho chini, si kicheko.

Likipita huko, litafuteni kama lina mwenyewe. Hili watu huliruka, na matokeo yake yapo hapa hapa nchini. Jina MAISHA lilitumiwa na mpango wa afya ya mama na mtoto mchanga ulioendeshwa na shirika la Jhpiego, ambapo herufi zake zilitokana na maneno ya Kiingereza kuhusu mama na watoto wachanga walio salama, wenye afya na hai. Jina hilo hilo limebebwa na utafiti wa Mwanza kuhusu ukatili wa wenza dhidi ya wanawake. Yote miwili ni kazi ya maana, lakini mwanafunzi anayetafuta makala za mmoja anaangukia za mwingine, juu ya kurasa nyingi mno zenye neno maisha kwa maana yake ya kila siku. Ndiyo gharama ya kutumia neno kamili la kawaida: ni rahisi kukumbukwa na ni gumu kutafutwa. Jina lililoundwa kwa silabi, kama MAHIKA, huja likiwa tupu, na kila litakapoonekana litakuwa ni lenu.

Miradi ya Ulaya imeorodheshwa kwenye CORDIS, na majaribio ya afya yanapatikana ClinicalTrials.gov na kwenye rejesta ya Afrika, PACTR. Kwenye Google andikeni hivi, mkibadilisha jina:

```
"MAHIKA" site:cordis.europa.eu
"MAHIKA" mradi site:go.tz
"MAHIKA" aflatoxin
```

Mkikuta duka au jina la mtu, hakuna tatizo. Mkikuta mradi wa kilimo au wa chakula, rudini kwenye orodha ya silabi.

Sasa turudi kwa mratibu, maana najua atauliza swali moja: mbona herufi za MAHIKA hazilingani na maneno ya kichwa cha Kiingereza? Hazihitaji kulingana. Maelekezo ya fomu za Umoja wa Ulaya yamekuwa yakiomba akronimu *au* kichwa kifupi, kisichozidi herufi 20, kwa alfabeti ya kawaida na tarakimu, bila alama maalumu. Kichwa kirefu kina sehemu yake, na ndicho kinachotakiwa kueleweka na mtu asiye wa fani hiyo. Kwa hiyo wekeni MAHIKA kwenye sehemu ya akronimu, kichwa cha Kiingereza kwenye sehemu yake, na kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko sentensi moja inayosema kwamba jina limetokana na mahindi na karanga kwa Kiswahili. Mtathmini anaridhika na sentensi hiyo. Asichokipenda ni kuona herufi zimechomolewa katikati ya maneno, kubwa hapa na ndogo pale, ili kulazimisha neno litokee. Tabia hiyo imeenea mno kwenye majaribio ya tiba, hadi mwaka 2014 jarida la BMJ la Uingereza likachapisha utafiti mzima kuhusu majina ya namna hiyo.

Kama mratibu atang'ang'ania herufi za Kiingereza zitoe neno la Kiswahili, inawezekana, na SASA! ya Uganda ni mfano mzuri. Herufi zake nne ni mianzo ya maneno manne ya Kiingereza yanayotaja hatua za kazi ya kuzuia ukatili: kuanza, kutambua, kuungana mkono, kuchukua hatua. Ilifaulu kwa sababu hatua zilikuwa nne kweli, na kila herufi ina kazi. Nyinyi hamna muundo huo, na mkianza kuubuni ili jina lipatikane, mtajikuta mnaandika andiko kulifuata jina.

Njia nyingine ya kutatua mvutano ni kuwa na majina mawili. Watafiti wa afya wa Ifakara walifanya hivyo kwenye mradi wa vyandarua wa Kilombero na Ulanga miaka ya 1990. Kwa wanasayansi uliitwa KINET, lakini chandarua chenyewe kiliuzwa kwa jina la "Zuia Mbu", na mnunuzi hakuhitaji kujua hilo la kwanza. Njia hii inafaa pale mnapokuwa na kitu cha kumkabidhi mkulima, na nyinyi mnacho: turubai, mifuko ya kuhifadhia, mafunzo. Mwachieni mratibu akronimu yake kwenye fomu kama lazima, mradi isiwe tusi, na jina la kijijini liamueni nyinyi, pamoja na maafisa ugani wa wilaya tatu. Lakini majina mawili yana masharti. Fomu ya ridhaa na kibali cha maadili lazima vitaje yote mawili, la sivyo mkulima aliyesaini karatasi ya jina moja atakuja kuambiwa sampuli yake iko kwenye mradi wa jina lingine, na atakuwa na haki ya kuhoji.

Kwa hali yenu, mimi ningebaki na jina moja. Mpigie simu msemaji wa Kirangi na wa Kigogo kabla ya kumjibu mratibu, ili barua yako imfikie ikiwa na mambo mawili kwa pamoja: kwa nini KUMAKA haiwezekani, na MAHIKA ikiwa imeshapimwa. Mtu wa mbali hukubali haraka kuacha jina analolipenda akipewa lingine mkononi, hasa lile la kwanza likiwa bado halijaenea kwenye mafaili na majedwali yake.